Nyumba iliyobaki kimya: anzia saa mbili usiku

*"Mwalimu, shikamoo. Naishi Tabata na mume wangu. Kitindamimba wetu ameenda chuo Dodoma mwezi Oktoba, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki nyumbani. Nimeanza kuandika kuhusu nyumba ilivyobaki kimya na siku zetu zilivyobadilika, lakini kila nikijisoma naona ni maneno ambayo mtu yeyote angeandika. Shoga yangu naye kaniambia nimeandika kama nimefiwa. Nakutumia aya ya kwanza. Nifanyeje?"*

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na aya yenyewe, maana wasomaji wengine hawajaiona:

"Tangu mwanangu aondoke, nyumba imekuwa kimya kama kaburi. Kila kona inanikumbusha yeye. Kitanda chake kitupu, viatu vyake viko palepale mlangoni. Siku zimekuwa ndefu na moyo wangu umejaa upweke usioelezeka."

Shoga yako kasema kweli. Chukua kalamu, futa "aondoke" uandike "afariki", kisha soma tena mpaka mwisho. Hakuna sentensi nyingine inayohitaji kuguswa. Aya nzima inasimama vilevile, na hapo ndipo tatizo lilipo: umeandika aya ya matanga, halafu ukaweka ndani yake kijana mzima wa afya ambaye muda huu yuko Dodoma anapanga foleni ya wali maharage. Kwetu kumlilia aliye hai ni uchuro. Msomaji wa Dar akikutana na kaburi kwenye mstari wa kwanza ataingiwa na hofu, na akigundua kuwa mtoto yuko chuo ataona umemchezea. Kwa hiyo kaburi litoke, na kila kilichokuja kwa sababu ya kaburi kitoke nalo.

Kuna jambo la pili, na hili ni kubwa zaidi. Nyumba ya Tabata haiwi kimya. Naifahamu mitaa hiyo. Ukiamka kuna adhana, kuna majogoo ya jirani, kuna bodaboda anayepasha injini dirishani kwako. Saa nne anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na kipaza sauti kinachorudia maneno yaleyale, jioni anapita muuza kahawa akigonga vikombe, usiku wa Ijumaa kuna baa na wa Jumamosi kuna mkesha wa kanisa. Ukimwambia msomaji anayeishi mtaa wa pili kwamba nyumba yako iko kimya, hatakuamini, na ana haki. Tena kwa kawaida mtoto akiondoka kelele za nje huingia zaidi, kwa sababu ndani hakuna cha kuzizuia.

Sasa huo unaouita kimya ni nini? Ni sauti moja, au mbili, ulizokuwa ukizisubiri saa fulani, na sasa saa inafika sauti haiji. Kazi yako kama mwandishi ni kuitafuta saa hiyo. Ukishaipata, neno lenyewe "kimya" hutalihitaji tena, au utalihitaji mara moja tu.

Ndiyo maana nilikupigia simu kabla ya kujibu, na nikakupa kazi ya karatasi mbili. Naieleza hapa kwa faida ya wengine. Karatasi ya kwanza unaandika siku moja ya zamani, saa kwa saa, tangu kuamka hadi kulala. Isiwe "siku za zamani" kwa jumla. Chagua Jumatano ya mwezi Machi, kijana alipokuwa kidato cha sita na mitihani ya Mei inakaribia. Unaandika yale tu ambayo mikono ilifanya na masikio yalisikia, hisia uziweke pembeni. Karatasi ya pili unaandika Jumatano iliyopita, kwa mtindo uleule. Ukikwama, usitegemee kumbukumbu peke yake, kwa sababu kumbukumbu ya mzazi hupenda kupamba. Fungua simu uangalie meseji za LUKU, zile zenye tokeni ya tarakimu 20, usome tarehe zake. Angalia miamala ya pesa: nauli, tuisheni, vocha. Vitu hivyo vinajua ratiba ya nyumba yako kuliko wewe. Kisha zilaze karatasi mbili bega kwa bega na utie alama pale zinapotofautiana.

Uliponisomea karatasi zako nilitegemea alfajiri ndiyo itakuwa na alama nyingi, kwa sababu ndiyo uliyoitaja kwanza na ndiyo kila mzazi huitaja. Kumbe alfajiri yako haikubadilika sana. Bado unaamka saa kumi na moja. Bado unachemsha chai, kwa sababu baba wa nyumba anatoka saa kumi na moja na nusu kuwahi daladala. Kilichopungua ni pasi ya shati la shule na mlango mmoja wa kugonga. Hapa Dar saa ya jua kuchomoza haibadiliki sana mwaka mzima, ladha ya asubuhi inafanana tangu Januari hadi Desemba, na mtu aliyezoea kuamka na adhana ataamka nayo hata akiachwa peke yake. Kwa hiyo alfajiri haikufai. Ungeiandika ungekuwa unaandika alfajiri ya wazazi wote kwa jumla.

Alama yako nzito ilikuwa saa mbili usiku, na wewe mwenyewe uliipita haraka. Uliniambia, kama jambo dogo tu, kwamba kijana alikuwa akirudi tuisheni saa hiyo, na kwamba ikifika saa mbili kasorobo ulikuwa ukipunguza redio ili usikie komeo la geti. Nikakuuliza: na siku hizi? Ukanyamaza kidogo, ukasema siku hizi pia unapunguza. Hufikirii, mkono unaenda wenyewe.

Mdogo wangu, hiyo ndiyo makala yako. Kimya cha nyumba yako unakitengeneza wewe kwa kidole, kila siku, saa mbili kasorobo. Hakuna mtu mwingine Tabata wala Segerea mwenye kimya hicho. Weka pembeni kitanda, weka pembeni kila kona, anza na kitufe cha redio.

Cha pili ulichonacho ni wali, nao una kazi kubwa kwa sababu unaonyesha siku zinavyobadilika, si usiku mmoja tu. Mlipokuwa watatu ulikuwa ukipima nusu kilo. Wawili mnahitaji robo, na robo ikibaki kidogo ni ya kiporo cha asubuhi. Lakini uliniambia kitu ambacho mtu asiyepika hawezi kukibuni: robo kilo kwenye sufuria ileile ya zamani haikubali. Sufuria ni pana, mchele unakuwa utando mwembamba chini, maji yanakauka kabla punje haijaiva. Ukiongeza maji unapata bokoboko. Siku ya kwanza ulidhani umesahau kupika. Mwandishi akipata kitu kama hicho asikifafanue. Asiandike kwamba sufuria imekuwa kubwa mno kama nyumba ilivyokuwa kubwa mno. Msomaji anaona mwenyewe, na ukimwonyesha kwa kidole unamkosea adabu.

Nazi nayo ina habari zake. Nazi moja ilikuwa inaisha siku hiyohiyo, sasa unakuna nusu, na nusu ya pili inakaa kwenye jokofu ikigeuka rangi. Lakini usiweke vyote viwili. Wali na nazi kwenye makala moja fupi vinafanya kazi moja, na msomaji ataanza kuona unahesabu vyakula. Mimi ningebaki na wali.

Sasa tuingie kwenye sarufi, maana hapo ndipo watu wengi wanaoandika habari za aina hii huharibu bila kujua. Habari ya ratiba iliyobadilika ni habari ya mazoea mawili, la zamani na jipya, na katikati yake kuna kipindi kisicho na mazoea yoyote. Kiswahili kinakupa chombo tofauti kwa kila kipindi. Wewe kwenye aya zako zinazofuata umetumia "hu" kila mahali. Umeandika: "Mwanangu hurudi saa mbili, nami humfungulia geti." Msomaji akisoma hivyo anajua bado anarudi. "Hu" haibebi wakati, inasema tu kwamba jambo ni desturi, na desturi isiyo na wakati inachukuliwa kuwa ipo mpaka leo. Ukafuatisha "siku hizi hakuna", na msomaji akalazimika kurudi nyuma kusoma upya.

Mazoea ya zamani yanataka "nilikuwa". Unaweza kuandika "nilikuwa nikipunguza redio" au, kama tunavyosema zaidi mtaani, "nilikuwa napunguza redio". Zote sawa, ila chagua moja ukae nayo. Tatizo linalofuata ni kuirudia: nilikuwa nafanya hiki, nilikuwa nafanya kile, na baada ya mistari minne msomaji amechoka. Dawa yake ni kuiweka mara moja mwanzoni halafu kuendelea na "ki" peke yake: "nilikuwa nikipunguza redio, nikiacha mwiko, nikisogea dirishani." Hapo "nilikuwa" ya kwanza inazibeba zote. Lakini usizidishe vitenzi vitatu vya mfululizo huo, kwa sababu "ki" ina sura ya pili ya sharti, na mfululizo ukiwa mrefu msomaji anaanza kusubiri "basi" yake.

Kipindi cha katikati, wiki za kwanza baada ya safari, kinataka "li" na "ka": nilipima, nikabandika, maji yakakauka. Hapo kila tendo ni la mara moja, kwa sababu mtu aliyepoteza ratiba hana desturi, ana matukio tu. Jumanne haifanani na Jumatatu. Watu wengi huiruka sehemu hii, wakatoka moja kwa moja "alikuwa akirudi" kwenda "siku hizi nakaa peke yangu", na wanapoteza sehemu yenye mwendo kuliko zote.

Na "hu" yenyewe? Iweke akiba. Usiitumie hata mara moja mpaka karibu na mwisho, siku zako mpya zitakapokuwa zimepata mkondo. Ikitokea kwa mara ya kwanza hapo, baada ya "nilikuwa" na baada ya "nika", msomaji anasikia kwamba kitu kimetulia, na wewe hujasema neno lolote kuhusu kuzoea. Ninavyojua mimi, hakuna njia fupi kuliko hiyo ya kusema maisha yameendelea. Ila usiidanganye. Kama wali bado unakuungulia, "hu" haijafika zamu yake.

Nimejaribu kuipanga habari yako kwa namna hiyo. Maneno mengi ni yako mwenyewe, ya simu:

"Saa mbili kasorobo usiku nilikuwa nikipunguza redio. Nikiacha mwiko kwenye sufuria, nikisogea dirishani. Komeo la geti letu hukwama, ukilisukuma mara ya kwanza halifungi, kwa hiyo likigonga mara mbili nilijua ni yeye. Mgeni hugonga tatu au nne.

Jumatatu ya kwanza nilipima nusu kilo kama kawaida. Ulibaki mwingi, nikaufunika. Jumanne nikapima robo, nikabandika kwenye sufuria ileile. Maji yakakauka mchele haujaiva. Nikaongeza, ukawa bokoboko. Mume wangu alirudi saa tatu, akala, hakusema kitu, akaomba pilipili. Jumatano nikapanda kwenye kigoda nikashusha sufuria ndogo ya uji, ile iliyokuwa juu ya kabati. Nikaiosha vumbi. Wali ukaiva, lakini ukaiva mapema, na nikawa sina la kufanya na mikono.

Siku hizi wali huiva saa moja na nusu. Nakaa kwenye kigoda na redio. Ikifika kasorobo mkono huenda kwenye kitufe, nasikiliza bodaboda, nasikiliza baa, kisha napandisha."

Utaona kwamba "hu" imeingia mapema sehemu mbili, kwenye komeo na kwenye mgeni, na nimeiacha kwa makusudi. Komeo bado linakwama mpaka leo, na wageni bado wanagonga hivyohivyo. Desturi za geti hazikubadilika, aliyebadilika ni mtu. Kama unaogopa itamchanganya msomaji, ziandike "lilikuwa likikwama", lakini mimi napenda kwamba geti halijui kilichotokea.

Utaona pia kwamba upweke hautajwi. Ulipoandika "usioelezeka" ulikuwa unamwambia msomaji kwamba umeshindwa kazi uliyomwitia. Siwakatazi watu kutaja hisia. Ukitaka kuitaja, itaje mara moja, kwa neno la kawaida, baada ya msomaji kuiona mwenyewe. Kwenye rasimu ndefu nafasi yake ni baada ya ile "sina la kufanya na mikono". Ungeweza kuandika pale "Niliona uvivu, halafu nikaona si uvivu." Zaidi ya hapo ni kumfundisha msomaji namna ya kukuonea huruma.

Viatu vya mlangoni sijavitupa. Kitu kilichobaki palepale hakina nguvu, kwa sababu kila nyumba duniani ina viatu vilivyobaki palepale. Lakini uliniambia kwamba kila ukideki unavisogeza, na ukimaliza unavirudisha mahali vilipokuwa, upande uleule, kushoto kikitangulia. Hapo viatu vimepata kazi na vimepata saa. Vingeweza kubeba aya fupi ya asubuhi, kama utapenda makala iwe na sehemu mbili. Fuata kanuni hii kwa kila kitu cha kijana kilichobaki: kama hakiguswi na mtu saa fulani, kiache nje ya maandishi.

Nilikuuliza pia swali ambalo hukulitegemea: nini unakifurahia? Ulicheka. Ukasema bafu liko wazi, na umeme wa elfu kumi uliokuwa ukiisha kwa wiki sasa unafika siku ya kumi, kwa kuwa hakuna feni inayowaka usiku kucha na hakuna mtu anayesahau hita. Halafu ukaomba nisiandike. Naomba uandike wewe. Mzazi anayesema kila kitu kimekuwa kibaya hasomeki kwa muda mrefu, na ni hiyo furaha ndogo ya LUKU itakayomwondoa msomaji kwenye hisia za matanga kuliko maelezo yoyote. Weka ndani ya tukio: unanunua umeme, unatazama tarehe ya meseji iliyopita, unahesabu, unafurahi, halafu unaona unachofurahia. Sentensi mbili zinatosha.

Kuhusu mwanzo. Rasimu yako ndefu inaanzia stesheni, siku ya kumsindikiza kwenye treni ya SGR, na imekula kurasa mbili. Naelewa. Tangu treni hiyo ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 nimeletewa habari nyingi za kuagana stesheni, na kabla yake zilikuwa za stendi ya mabasi. Sanduku, foleni ya ukaguzi, mkono dirishani. Kuagana ni kwa kila mtu na kunamalizika siku hiyohiyo. Habari yako ni ya Jumatatu inayofuata. Kata kurasa zote mbili, uache "treni" kama neno moja ndani ya sentensi ikibidi.

Halafu kuna suala la safari ipi. Mtoto wa Kitanzania haondoki mara moja. Wengine wanatoka na umri wa miaka kumi na minne kwenda bweni, wanarudi likizo, wanatoka tena. Wako alimaliza mtihani Mei, akaenda JKT kwa mujibu wa sheria kambi ya Ruvu, akarudi mwembamba na mweusi Septemba, akakaa wiki chache, ndipo akaenda chuo. Uliniambia kwamba kipindi cha JKT nyumba ilikuwa tupu vilevile. Nikakuuliza ulikuwa ukipima wali kiasi gani. Nusu kilo, ukasema, miezi yote mitatu, na unaobaki ukiwapa watoto wa jirani. Oktoba ulipima nusu kilo siku moja tu. Basi tunajua aliondoka lini, na mchele ndio uliotuambia. Mstari mmoja wa Ruvu uingie kwenye makala, kabla ya Jumatatu ile: "Alipokuwa Ruvu sikubadilisha kipimo." Usieleze kwa nini.

Ndugu wanaokuambia uchukue mtoto wa dada yako ukae naye, hao wana makala yao nyingine. Usiwaingize hapa. Wakiingia, habari inageuka kuwa swali la nini kifanyike, na msomaji ataanza kukushauri badala ya kukusoma.

Baba wa nyumba, hata hivyo, usimsahau. Kwenye rasimu yako hayumo kabisa, kana kwamba kitindamimba alikuwa wako peke yako. Hapo juu nimempa pilipili tu, na inatosha kwa aya moja, lakini uliniambia kwamba siku hizi akirudi anawasha televisheni kabla ya kuvua viatu, naye hakuwa mtu wa televisheni. Kaa ujiulize anaizima saa ngapi. Pengine naye ana saa yake, na pengine si saa mbili. Watu wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akisubiri kwa saa tofauti, hiyo ni makala nzuri kuliko niliyokupangia mimi. Muulize kwa njia yenu, na usimuulize ukiwa na kalamu mkononi.

Urefu: maneno elfu moja hadi elfu moja na mia mbili. Kipindi kimoja cha usiku na sufuria mbili havibebi zaidi. Isome kwa sauti ukimaliza, tena saa ambayo kuna kelele nje, na popote ulimi unapojikwaa ujue umeweka neno la kitabuni.

Na mwisho wake usiwe likizo. Najua kishawishi kilivyo: kijana anarudi, komeo linagonga mara mbili, wali nusu kilo. Ukifanya hivyo umefuta kila kitu, kwa sababu msomaji ataona ulikuwa unasubiri mwezi tu, na sufuria ndogo haikuwa na maana. Akirudi likizo, andika makala ya pili. Utashangaa jinsi ilivyo ngumu, maana siku ya tatu atakuwa anakukera, na bafu halitakuwa wazi.

Kabla ya kuipeleka popote, msomee kijana kwa simu ile sehemu ya redio. Yeye hajui kwamba ulikuwa ukipunguza. Mvulana wa umri huo anaweza kuona aibu mbele ya wenzake wa bwenini, na kama atasema itoke, itoke, utafute kingine kwenye karatasi zako mbili. Sidhani kama atakataa. Lakini mpigie baada ya saa tatu usiku, muda ambao chuo kizima kiko kwenye simu, la sivyo atakuambia "mama, niko darasani" na utaanza kuandika jambo jingine kabisa.